Namba Ikipotea, Akaunti Hurudi kwa Njia Gani?

Kwenye kabini za Kolwezi, zile meza zenye mwavuli ambako watu hununua salio, huweka na kutoa pesa na kuomba msaada simu inapogoma, malalamiko matatu husikika mara kwa mara. Mmoja ameibiwa simu sokoni: jina lake la Facebook analijua, neno la siri analijua pia, lakini akaunti haimfungulii mpaka aandike msimbo uliotumwa kwenye namba ambayo hana tena. Wa pili ameshapata kadi mpya ya simu yenye namba yake ileile, na bado WhatsApp inamdai tarakimu sita ambazo hakumbuki kuziweka. Wa tatu anaambiwa msimbo umepelekwa kwenye barua pepe yake, naye hajui hata kama ana barua pepe. Ilitengenezwa na kijana aliyemuuzia simu, siku ileile ya kununua.

Ushauri wanaopewa hupingana. Huyu anawaambia kila kitu kiko kwenye laini. Yule anasema tengeneza Gmail, mambo yataisha. Mwingine anawashauri wafungue akaunti mpya kwa jina lilelile na kusahau ya zamani. Kila mmoja ameshika kipande cha ukweli, ila hakuna anayeeleza kwa nini kipande chake kinamfaa mteja huyu na hakimfai yule.

Chanzo cha mkanganyiko ni kidogo sana: wakati wa kuingia, jina, barua pepe na namba ya simu huandikwa kwenye kisanduku kimoja, basi watu hudhani vinafanya kazi moja. Havifanyi. Tofauti hiyo haionekani simu inapokuwa mkononi, lakini siku ya kuipoteza ndiyo inayoamua nani atarudi kwenye akaunti yake na nani hatarudi.

## Kisanduku kimoja, kazi tatu

Ndani ya mashine za Facebook, Google au kampuni nyingine ya aina hiyo, akaunti haitambuliwi kwa jina la mtu wala kwa namba yake ya simu. Inatambuliwa kwa namba ya ndani inayotolewa mara moja tu, akaunti inapofunguliwa, na ambayo mtumiaji hana haja ya kuijua. Jina, anwani ya barua pepe na namba ya simu ni maelezo yaliyoambatishwa kwenye namba hiyo. Yanaweza kuongezwa, kubadilishwa au kuondolewa, na akaunti ikabaki ileile.

Maelezo hayo yanaweza kupewa kazi za aina tatu. Ya kwanza ni kutaja: kuiambia mashine ni akaunti ipi inayotafutwa. Ya pili ni kufikisha: kuipa kampuni mahali pa kupeleka ujumbe. Ya tatu ni kuthibitisha: anayeonyesha kwamba ameupokea ujumbe huo huhesabiwa kuwa ndiye mwenye akaunti. Jina la mtumiaji hufanya kazi ya kwanza tu. Barua pepe na namba ya simu zinaweza kufanya zote tatu, na kurejesha akaunti kunasimama juu ya ile ya pili na ya tatu.

Neno la siri nalo ni uthibitisho, lakini mara nyingi hutosha pale tu mtu anapoingia kwa simu aliyoizoea. Akitokea kwenye simu mpya, mashine haina njia ya kujua kama ni yeye au ni mwizi aliyelinasa neno hilo, kwa hiyo humtaka aongeze uthibitisho mwingine. Ndiyo maana aliyeibiwa simu hukataliwa hata akiwa na neno la siri sahihi kabisa. Mashine haijaharibika, inafuata kanuni iliyowekwa kumlinda yeye mwenyewe.

## Jina linaonyesha, halifungui

Wanaoshikilia jina wana hoja moja nzuri: jina halipotei na simu. Mtu anaweza kunyang'anywa kila kitu barabarani na bado akalikumbuka. Lakini lile ambalo watu wengi huliita jina lao la Facebook si jina la mtumiaji. Ni jina la kuonyeshwa tu, na watu mia wanaweza kulitumia kwa wakati mmoja. Jina la mtumiaji, lile lisiloweza kushikwa na watu wawili, liko kwenye kiungo cha ukurasa wa mtu, baada ya facebook.com/. Facebook ilianza kuwaruhusu watu kulichagua Juni 2009.

Faida yake wakati wa dharura ni kuitafuta akaunti. Fomu ya facebook.com/login/identify humwomba mtu ataje akaunti yake. Asiyekumbuka namba aliyojisajili nayo anaweza kumwomba rafiki afungue ukurasa wake na kumsomea kile kiungo. Akaunti ikishapatikana, kazi ya jina imekwisha. Mashine itaonyesha inaweza kupeleka msimbo wapi, huku ikifunika sehemu kubwa ya anwani kwa nyota, na kuanzia hapo jina halina la kusema tena.

Hapa kuna jambo linalowapotosha wengi. Marafiki wanapoona ukurasa wenye jina na picha ya mtu ukiomba pesa, humwambia kwamba akaunti yake imeibiwa, naye hukimbilia kuirejesha. Mara nyingi hakuna kilichoibiwa: mtu mwingine amefungua ukurasa mpya kwa jina lilelile na picha zilezile. Kupambanua ni rahisi. Kama mwenye akaunti bado anaingia kama kawaida, na kiungo cha ule ukurasa unaoomba pesa si chake, basi ni nakala, na dawa yake ni kuuripoti. Kama haingii tena, au namba na barua pepe zilizomo zimebadilishwa, hapo akaunti imetekwa kweli. Kufungua akaunti mpya kwa jina lilelile, kama baadhi wanavyoshauri, hakurudishi chochote. Kunaongeza tu nakala nyingine.

Jina la utani nalo lina gharama. Wachimbaji na wafanyabiashara wengi hupenda kutumia majina ya utani mtandaoni, na kuna sababu za haki za kufanya hivyo mahali ambako biashara ya madini inapitisha fedha nyingi na kuvuta macho mengi. Lakini zipo hali ambazo Facebook humwomba mtu atume picha ya kitambulisho ili kuthibitisha kwamba akaunti ni yake. Kadi ya mpiga kura, ambayo kwa Wakongo wengi ndiyo kitambulisho cha kila siku, haiwezi kulingana na ukurasa ulioandikwa jina la utani na usio na picha hata moja ya uso. Anayejificha kwa watu amejificha pia kwa wale anaotaka wamtambue siku ya shida.

## Namba ya simu: karibu zaidi na mtu, na ya kupanga

Msimamo wa pili, wenye wafuasi wengi zaidi Lualaba, ni kwamba namba ndiyo akaunti. Una msingi. M-Pesa ilianza Kongo mwaka 2012, na tangu hapo watu wamezoea kwamba pesa, mawasiliano na utambulisho vinakaa mahali pamoja. WhatsApp haikuwahi kumtaka mtu awe na barua pepe ili ajisajili: namba ndiyo jina lake na mahali pa kupokea msimbo, na kwa anayejiunga mara ya kwanza, msimbo huo ndio uthibitisho wote.

Nguvu kubwa ya namba ni kwamba nyuma yake yupo mtu wa kuzungumza naye. Google haina dirisha Kolwezi ambako mtu anaweza kupanga foleni na kitambulisho mkononi. Vodacom, Airtel na Orange wana maduka. Mwenye laini iliyosajiliwa kwa jina lake huenda dukani, huonyesha kitambulisho, hupewa kadi mpya yenye namba ileile, na kadi iliyoko kwenye simu iliyoibiwa hufa. Kati ya njia zote tatu, hii ndiyo pekee inayoishia kwenye uso wa mtu na karatasi, wala haitegemei kumbukumbu ya neno lolote.

Nguvu hiyo inategemea sharti moja: jina lililoandikwa kwenye usajili wa laini. Aliyenunua barabarani laini ambayo tayari imewashwa kwa kitambulisho cha mtu asiyemjua anaweza kuitumia miaka mitano bila shida, lakini siku ya kuipoteza, mbele ya kampuni ya simu yeye si mwenyewe. Vivyo hivyo kwa laini iliyosajiliwa kwa jina la kaka, mume wa zamani au mwenye nyumba. Hata kwa laini iliyo ya mtu kihalali, mpangilio wa majina unaweza kuleta ubishi, kwa kuwa Mkongo ana jina, jina la baada na jina la ubatizo, na mwandikishaji mwenye haraka huyapanga anavyotaka. Kadi za mpiga kura zilizotolewa mwaka 2023 zimelalamikiwa sana kwa kufifia maandishi, na kadi isiyosomeka haimsaidii mtu dukani.

Udhaifu wa pili umo ndani ya namba yenyewe. Mtu haimiliki, ameipanga, kama nyumba ya kukodi, na asipoitumia kwa muda uliowekwa na kampuni, hupewa mpangaji mwingine. Katika eneo ambako mtu hubeba laini mbili au tatu kwa sababu mtandao mmoja unashika mjini na mwingine unashika karibu na mgodi, ni kawaida laini moja kulala kwenye droo miezi mingi. Laini hiyo iliyolala mara nyingi ndiyo iliyofungulia Facebook miaka saba iliyopita.

Ukubwa wa hatari hii ulipimwa mwaka 2021 na watafiti wawili wa Chuo Kikuu cha Princeton, Marekani, Kevin Lee na Arvind Narayanan. Walichukua namba 259 ambazo kampuni mbili za simu zilikuwa zinawapa wateja wapya, wakaangalia kama zimefungwa kwenye akaunti za watu waliozitumia zamani. Namba 171 zilikuwa bado zimeambatishwa na akaunti katika angalau tovuti moja kati ya chache maarufu walizozipima. Aliyenunua namba kama hiyo hahitaji ujuzi wowote. Akibonyeza kwamba amesahau neno la siri, msimbo utaingia kwenye simu yake.

WhatsApp inaijua hatari hii na imeiwekea kinga. Akaunti isiyotumika kwa siku 45, ikiwashwa kwenye simu nyingine, taarifa zake za zamani hufutwa ili mpangaji mpya asimrithi mtu wa kwanza. Kinga hiyo inamlinda mtu dhidi ya kusomwa. Haimrudishii akaunti.

Udhaifu wa tatu Wakongo wameuonja wenyewe. Serikali iliagiza intaneti na ujumbe mfupi wa simu vikatwe mwishoni mwa Desemba 2017, na ikakata tena kuanzia tarehe 31 Desemba 2018, baada ya uchaguzi, hadi karibu tarehe 19 Januari 2019. Katika siku kama hizo, hata mtu aliyepata intaneti kwa setilaiti au kwa laini ya Zambia mpakani asingepokea msimbo uliotumwa kwa ujumbe mfupi kwenye namba yake ya Kongo. Na bila kufika huko, anayevuka kwenda Chingola au Solwezi na kuzima laini yake ya nyumbani kwa kuogopa gharama anajiweka katika hali hiyohiyo kwa hiari.

Kuna pia namba zisizo za mtu kabisa. Kampuni nyingi zinazofanya kazi kwenye migodi ya Kolwezi na Fungurume huwapa wafanyakazi laini za kazi, na mtu hushawishika kusajili akaunti zake binafsi kwa laini hiyo kwa sababu salio ni la kampuni. Mkataba ukiisha, laini hurudi kwa mwajiri. Anwani ya barua pepe ya kazini ina kasoro ileile, na tofauti ni moja tu: anwani mara nyingi huzimwa siku ileile.

Dalili za kuporwa namba mtu akiwa bado ameshika simu zinafaa kujulikana. Ya kwanza ni msimbo unaoingia bila kuombwa: kuna anayejaribu, ila hajafika, na huenda muda si mrefu akapiga simu kuuomba kwa maneno matamu. Ya pili ni nzito zaidi: laini inakosa mtandao ghafla mahali ambapo majirani wenye kampuni hiyohiyo wanao. Huenda kadi mpya ya namba hiyo imetolewa kwa mtu mwingine, na kila dakika inayopita kabla ya kupigia kampuni ina uzito.

## Barua pepe: imara kwa anayeifungua

Msimamo wa tatu unasema barua pepe ndiyo mzizi, na kwa upande wa ufundi una hoja nzito. Anwani ya barua pepe haitegemei kampuni ya simu, haijali mpaka wa nchi, na hufunguka kwenye simu ya kuazima au kompyuta yoyote. Zaidi ya hayo, Google haimpi mtu mwingine anwani ya Gmail iliyowahi kutumika, hata kama akaunti imefutwa. Hatari ya mpangaji mpya, iliyo kubwa kwa namba, hapo haipo.

Si kampuni zote zilizofanya hivyo. Yahoo, ambayo anwani zake zilienea sana katika nchi zinazotumia Kifaransa, ilitangaza Juni 2013 kwamba majina yasiyotumika kwa mwaka mzima yangetolewa kwa watu wapya. Waliopokea majina hayo baadaye walijikuta wanapokea barua za wenyewe wa zamani, zikiwamo za akaunti zao nyingine. Ni kosa la aina ileile ya namba za simu, ila limehamia kwenye barua pepe.

Lakini barua pepe nayo ni akaunti, na akaunti hupotea. Hapa ndipo wataalamu wa mjini husahau hali ya wateja wao. Simu ya Android inapowashwa mara ya kwanza, humwomba mwenyewe akaunti ya Google, na duka la programu halifunguki bila hiyo. Muuza simu mwenye foleni hutengeneza haraka: jina lolote, tarehe ya kuzaliwa yoyote, neno la siri analolitumia kwa wateja wote, na pengine namba yake mwenyewe kuwa namba ya kurejesha. Mteja anaondoka na simu inayofanya kazi na barua pepe asiyoijua. Anwani hiyo hufanya kazi bila kuonekana mpaka simu ipotee, na siku hiyo kila msimbo unaopelekwa huko unapelekwa mahali ambapo hakuna mtu.

Kuna pia suala la kulala. Mei 2023 Google ilitangaza kwamba akaunti binafsi isiyotumika kwa miaka 2 inaweza kufutwa, na ufutaji ukaanza Desemba mwaka huo. Anayetumia simu yenye akaunti hiyo hana la kuogopa, kwa sababu kutazama YouTube au kusoma barua kwa akaunti hiyo huhesabiwa kuwa matumizi. Aliye hatarini ni yule aliyetengenezewa Gmail mpya kila aliponunua simu mpya, akaacha nyuma anwani tatu au nne, mojawapo ikiwa ndiyo inayolinda Facebook yake.

Kwa upande wa hila, kisa cha mwandishi wa jarida la Wired, Mat Honan, Agosti 2012, bado kinafundisha. Wahalifu walilitaka jina lake la Twitter, lenye herufi tatu tu. Hawakuligusa jina. Waliona kwamba Twitter yake inaelekea kwenye Gmail. Wakaenda kwenye fomu ya kurejesha Gmail hiyo, nayo ikawaonyesha, nusu ikiwa imefunikwa kwa nyota, kwamba msaada wake ni anwani ya Apple. Kwa simu kwa wahudumu wa Amazon, kisha wa Apple, na maelezo machache waliyoyaokota, wakaingia hapo chini kabisa na kupanda juu: Apple, Gmail, Twitter. Njiani wakafuta simu na kompyuta yake. Akaunti ina nguvu ya kile inachokiegemea, nacho kina nguvu ya kile kinachokiegemea.

## Simu imeibiwa: mpangilio unavyofungua au kufunga

Chukua mfanyabiashara anayenunua unga Kasumbalesa na kuuza Kolwezi. Simu yake ina laini moja iliyosajiliwa kwa jina lake, pesa za simu, WhatsApp ya wateja, Facebook ya biashara, na Gmail ambayo namba yake ya kurejesha ni laini hiyohiyo. Simu inaibiwa Jumatatu asubuhi.

Akianza na Facebook, atakwama: msimbo unaenda kwenye namba au kwenye Gmail. Akianza na Gmail, atakwama pia, kwa kuwa Google inataka athibitishe kwenye simu iliyoibiwa au kwa ujumbe wa namba iliyomo ndani yake. Vitu vyake vinaegemeana kwa mduara, na mlango pekee wa kuuvunja ni dukani kwa kampuni ya simu. Kwa hiyo laini ndiyo ya kwanza: anaizuia, kisha anapewa kadi mpya. Salio la pesa halikuwa ndani ya simu. Liko kwenye vitabu vya kampuni, nyuma ya PIN ambayo mwizi hana.

Kadi mpya ikishaingia kwenye simu nyingine, ya pili ni Gmail, kupitia g.co/recover. Google hupima mambo mengi kwa pamoja: neno la siri la mwisho analolikumbuka, mahali alipo, simu au kompyuta anayotumia. Ndiyo maana inashauriwa ajaribu akiwa mahali alipozoea, na kwenye kifaa alichowahi kuingilia, kama kompyuta ya dukani, badala ya kujaribu mara kumi kutoka simu kumi za kuazima.

WhatsApp ni ya tatu, na hapa kuna jambo ambalo wengi hulijua wakiwa wamechelewa. Namba inairudisha akaunti: jina, makundi, uwezo wa kuandika na kupokea. Mazungumzo ya zamani hayamo. Kwenye Android, nakala yake huhifadhiwa katika akaunti ya Google, na ili irudi ni lazima namba na akaunti ya Google viwe vilevile vilivyoiweka. Mfanyabiashara aliyefungua Gmail mpya kwa haraka Jumatatu jioni atapata WhatsApp tupu, na orodha ya madeni ya wateja iliyokuwa kwenye mazungumzo itabaki kwenye Gmail ya kwanza.

Kama aliwahi kuweka uthibitishaji wa hatua mbili, WhatsApp itamwomba PIN ya tarakimu sita. Akiwa amesahau, na alikuwa ameambatisha barua pepe, ataiweka upya kwa kupitia huko. Kama hakuambatisha, atasubiri siku 7. Kwake siku hizo ni hasara ya biashara. Kwa mwizi aliyepata namba ni ukuta unaompa mwenyewe muda wa kufika dukani. Hatua hiyo moja inaonyesha vizuri kwamba ulinzi na urahisi wa kurejesha havitoki upande mmoja: kila kufuli la ziada humzuia mwizi na mwenyewe aliyesahau.

Facebook inakuja mwisho, na kufikia hapo inafunguka kwa dakika chache, kwa sababu namba na barua pepe vyote vimesharudi.

Badilisha jambo moja tu katika simulizi hii: laini iwe imesajiliwa kwa jina la mtu mwingine asiyepatikana. Mlango wa dukani unafungwa, na mduara wote unabaki umefungwa pamoja nao.

## Kupima

Swali la njia ipi ni bora halina jibu moja kwa watu wote, lakini lina kipimo: ni kipi mtu anaweza kukithibitisha akiwa hana simu yake? Kwa kipimo hicho jina linatoka kwenye shindano mara moja, likibaki na kazi yake ya kuitafuta akaunti. Namba inashinda kwa yule ambaye laini ni yake kwa karatasi, anaitumia kila siku na haishiki sana barua pepe. Kumlazimisha mtu huyo aegemee Gmail aliyotengenezewa dukani ni kumtoa kwenye mlango wenye mhudumu na kumpeleka kwenye mlango usio na mtu. Barua pepe inashinda kwa anayesafiri, anayebadilisha laini, au anayetumia laini ya mwajiri, mradi neno lake la siri analijua kwa kichwa na si kwa sababu simu imelihifadhi.

Kilicho bora kuliko kuchagua ni kuuvunja ule mduara mapema. Google humpa mwenye uthibitishaji wa hatua mbili misimbo 10 ya akiba, kila mmoja wenye tarakimu 8 na unaotumika mara moja. Facebook nayo ina misimbo yake ya akiba. Ikiandikwa kwenye karatasi na kuwekwa nyumbani pamoja na hati nyingine, inafanya kazi hata kama laini imekufa na ujumbe mfupi umekatwa. Ubaya wake ni kwamba anayeiona karatasi anaweza kuitumia, hivyo katika nyumba ya watu wengi inahitaji mahali pa kufungwa. Hata hivyo, kwa mtu ambaye biashara yake yote imo kwenye simu moja, hatari ya karatasi kuibwa kabatini ni ndogo kuliko hatari ya simu kuibwa sokoni.

Kila mtu anaweza kujua leo akaunti zake zinaegemea wapi. Achukue simu nyingine, afungue fomu ya kurejesha, ataje akaunti yake, kisha asome kile kinachoonyeshwa kati ya nyota: tarakimu mbili za mwisho za namba, herufi ya kwanza ya anwani. Asimame hapo bila kuomba msimbo. Kama tarakimu hizo si za laini iliyoko mfukoni, arudi kwenye simu yake, ambako akaunti bado iko wazi, na kubadilisha. Kwa Google, namba ya zamani inaweza kuendelea kutumiwa misimbo kwa siku 7 baada ya mabadiliko, kwa hiyo kazi hii ifanywe kabla laini ya zamani haijarudishwa kwa mwajiri au kuachwa ilale, ikiwa bado inapokea ujumbe.